Usipange bei ya uchapaji kwa wastani wa chupa

*"Nafungua duka dogo la uchapaji hapa Tanga, mashine moja ya ofiseti. Binamu yangu yuko kiwanda cha maji ya chupa, amenipa jedwali lao: gharama zote za mwezi unagawanya kwa idadi iliyotoka. Nilitumie kupanga bei?"*

Usilitumie. Lifunge hilo jedwali kabla hujamtajia bei mteja hata mmoja, kwa maana mimi nililitumia miezi minne katika duka langu la Ngamiani, na hadi leo kadi ya harusi ikiletwa nyumbani mke wangu hunitazama kwa huruma.

Binamu yako hakukudanganya, ila anafanya kazi mahali ambapo chupa ya kwanza na ya elfu kumi hazina tofauti. Zote zimeoshwa, zimejazwa na kufungwa kwa mashine zilezile, kwa hiyo wastani ndio gharama halisi ya kila moja, na hata zile chache zinazopasuka kwa kawaida hubebwa kwa haki na zile nzima. Dukani kwako hakuna kazi mbili zinazofanana.

Mimi nilishauriwa na mhasibu aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha soda, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuwahi hata mara moja kusimama kando ya mashine yangu na kuuliza ile saa nzima ya kuosha roli za wino inalipwa na nani. Alichukua gharama za mwezi, shilingi 6,000,000, akagawanya kwa karatasi 20,000 nilizochapa, akapata 300. Tukaongeza faida ya asilimia 30, nikajiona msomi.

Ikaja kazi ya kadi 400 za harusi, rangi nne, kadi nne katika kila karatasi, yaani karatasi 100. Kwa hesabu ya bwana kalamu nilimtoza mteja 39,000, naye akalipa upesi mno, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka. Rangi nne zinataka pleti nne, na kila moja ilinigharimu 10,000, kwa hiyo pleti peke yake zilikuwa zimeshaipita bei. Karatasi nyingine 50 ziliharibika wakati wa kuseti rangi, hivyo nilitumia karatasi 150 za 200 kila moja, yaani 30,000. Wino ulikuwa wa 5,000. Mashine ilishikwa saa mbili, nyingi zikiwa za kuosha na kuseti, na saa moja ya mashine yangu ni 20,000, kwa sababu pango, mishahara, umeme na uchakavu ni 2,000,000 kwa mwezi, na saa ambazo mashine hushikwa na kazi za wateja ni 100. (Usigawanye kwa saa zote ambazo mlango uko wazi, kwani saa za kukaa bure hakuna mteja anayezilipia.) Jumla ni 115,000. Nilimchangia bwana harusi 76,000 bila hata kualikwa.

Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na iliyofuata. Shule moja ilirudi kutaka tena fomu zake 5,000 za rangi moja, zilizokuwa ndani ya zile karatasi 20,000. Kwa wastani niliwatajia 1,950,000, wakaondoka bila kubishana. Gharama yake halisi ilikuwa pleti moja, karatasi 5,100 za 150, wino wa 30,000 na saa tatu za mashine, jumla 865,000, na kwa faida ileile ningewatoza 1,124,500. Kuondoka kwao kuliniokolea 805,000 tu za vifaa, kwa sababu pango na mishahara havikuondoka nao. Mwezi uliofuata, kazi nyingine zikiwa zilezile, 5,195,000 ikagawanywa kwa karatasi 15,000, na wastani ukapanda hadi karibu 346. Mhasibu akaniambia nipandishe bei. Nikapandisha, wa kazi kubwa waliobaki nao wakaondoka, na watu wa kadi wakaendelea kunimiminikia kana kwamba nagawa sadaka.

Tangu hapo kazi haipandi mashineni kabla ya kufunguliwa karatasi yake ya gharama, yenye namba yake. Fundi mwenyewe huandika humo karatasi alizochukua stoo pamoja na zilizoharibika, pleti, na saa tangu anapoanza kuosha roli hadi anapomaliza, na huandika palepale, kwa sababu ukimwuliza jioni atakwambia kila kazi ilichukua nusu saa. Bei naitaja kwa makadirio ya karatasi hiyo, kisha kazi ikiisha nalinganisha. Mara ya kwanza kulinganisha niligundua kwamba kazi za rangi nne zinaharibu karatasi karibu 80 siku za mvua, kwani karatasi hunywa unyevu na kutanuka, rangi zikakataa kukaa mahali pake, wakati mimi niliendelea kukadiria 50.

Kadi 400 sasa ni 150,000. Wapo wanaocheka na kwenda kwingine, nami huwaelekeza njia.