Malipo ya sehemu: ankara haiguswi

Nimepitia leja ya wadaiwa na kukuta tena ankara iliyopunguzwa kwa mkono. Jamani wadogo zangu, hili tulimalize leo.

1. Ankara ibaki ilivyotoka. Mteja ametozwa 900,000, amelipa 400,000: ankara inaendelea kusoma 900,000. Pesa iliyoingia ina hati yake, yaani risiti. Debiti benki, krediti mteja. Mauzo hayahusiki hapa, yalishaandikwa siku ankara ilipotoka.

Tazameni yaliyotokea safari hii. Mwenzenu alifuta 900,000 akaandika 500,000 ili deni lililobaki lionekane. Nia yake ilikuwa njema. Kisha akaingiza risiti ya 400,000 kwenye ankara hiyohiyo, na mfumo ukatoa mara ya pili. Taarifa ikamwambia mteja anadaiwa 100,000. Akalipa siku hiyohiyo, akaomba barua ya kuthibitisha kwamba hana deni. Ikabidi tumrudie kumweleza kuwa bado anadaiwa 400,000, na nakala yake mwenyewe ya ankara ndiyo iliyotuokoa. Huku kwetu mauzo ya mwezi yalikuwa yamepungua 400,000, na kodi yake ikapungua nayo. Tulirudisha ankara kwenye kiasi cha awali, tukaacha risiti zifanye kazi yake. Ankara hupunguzwa kwa hati ya krediti tu, pale bidhaa inaporudishwa au bei inapokuwa imekosewa.

2. Unganisheni risiti na ankara inayolipiwa. Ikiachwa inaelea kwenye akaunti ya mteja, salio la jumla litakuwa sahihi, ndiyo maana wengi hamstuki. Lakini ankara itaonekana haijalipwa hata kidogo, na anayefuatilia madeni atampigia mtu simu kumdai pesa aliyokwisha kulipa.

3. Taarifa ya mteja ijieleze. Ikianza na "salio la kuanzia 500,000" bila maelezo, mteja hawezi kujua limetoka wapi. Kwa ankara ambayo haijaisha, ionyesheni yote, hata kama ni ya miezi iliyopita:

Ankara 118, tarehe 3: 900,000
Risiti 45, tarehe 17: -400,000
Risiti 52, tarehe 29: -150,000
Salio la ankara 118: 350,000

Kando ya kila risiti wekeni namba ya muamala wa mteja, maana yeye hajui risiti zetu. Anatafuta namba iliyo kwenye karatasi zake za benki. Kama ana ankara nyingine, kila moja iwe na salio lake, na jumla ya deni ikae chini kabisa.

Na umri wa ile 350,000 uhesabiwe kuanzia siku ankara ilipopaswa kulipwa, si siku ya risiti ya mwisho. Mteja anayetoa kidogokidogo kila mwezi bado yuko kwenye safu ya waliochelewa, na afuatiliwe hivyo.