Leseni nne za Oracle na seva ya kushirikiana

*Swali: Sisi ni mawakala wa forodha hapa Mombasa. Tuna leseni 4 za prosesa za hifadhidata ya Oracle Enterprise Edition, na seva yetu ya ofisini imechoka. Mtoa huduma anatupa mashine pepe ya kori 8 kwenye klasta yake ya seva zinazogawanywa kwa VMware, anasema leseni zinatosha. Mkaguzi wetu naye anasema sheria inataka tuwe na seva ya peke yetu. Nimfuate nani?*

Ndugu, msisaini bado. Mkaguzi anawaelekeza pazuri, ila sababu aliyotoa siyo. Kinachowafungia mlango hapa ni leseni.

Kwenye prosesa za Intel na AMD, Oracle huhesabu kori halisi kisha huzidisha kwa 0.5. Kori 8 zinahitaji leseni 4, na ndiyo hesabu anayowapigia mtoa huduma wenu. Tatizo ni kwamba anahesabu kori za mashine pepe. Sera ya Oracle haikubali mgawanyo wa VMware kama mpaka wa leseni. Kwa kuwa mashine yenu inaweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine ndani ya klasta, Oracle hudai leseni za kila seva inakoweza kufika. Tuseme klasta ina seva 3, kila moja ina prosesa 2 za kori 16. Hizo ni kori 96, yaani leseni 48. Nyinyi mna 4.

Kuna watakaowaambia kwamba waraka huo wa sera si sehemu ya mkataba, na ni kweli. Waraka wenyewe unasema hivyo. Lakini ukaguzi ukija, madai yataanzia hapo, na kampuni ya ukubwa wenu haina sababu ya kununua ugomvi huo.

Je, mkikodi seva nzima iliyotengwa kwa ajili yenu, huku VMware ikibaki juu yake? Majirani, yaani wateja wengine wa seva hiyo, wataondoka, lakini kori zitahesabiwa zote. Seva ya kori 32 itadai leseni 16, hata kama mashine yenu inatumia 8 tu. Kwa hiyo tafuteni seva ndogo: prosesa moja ya kori 8, isiyo na programu ya kugawa seva, Linux na Oracle zikiwekwa moja kwa moja. Ikifika, hakikisheni kwa `lscpu`:

```
CPU(s):              16
Thread(s) per core:  2
Core(s) per socket:  8
Socket(s):           1
```

Ile 16 ya juu isiwashtue. Ni nyuzi, na kwenye seva halisi Oracle huhesabu kori: 8 mara 1. Amri hiyo haina maana mkiiendesha ndani ya mashine pepe, kwa sababu huko mnaona mlichopewa tu, si kilichopo chini.

Mkatabani andikeni idadi ya kori, na kwamba seva ikiharibika italetwa nyingine yenye kori zisizozidi hizo. Mafundi hubadilisha kwa kilichopo stoo, na mkiletewa ya kori 16 mtakuwa na upungufu wa leseni 4 bila mtu kuwaambia.

Kuhusu sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mlinde taarifa za wateja na muwe na mkataba wa maandishi na anayewachakatia. Haisemi seva isishirikiwe. Mwombeni mkaguzi awaonyeshe kifungu. Akikuta sharti hilo katika mkataba wa mteja wenu mmoja, hapo linawabana, lakini ni sharti la mteja.

Kasi nayo ingeweza kuwa sababu, ila ipimeni kwanza. Mkijaribu mashine pepe ya KVM au Xen, endesheni `vmstat 1` saa za kazi nyingi na mtazame safu ya `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine yenu ilitaka prosesa, nayo ikawa inahudumia wengine. Ikikaa sifuri na mfumo bado ni mzito, tatizo si majirani kugombea prosesa. Kwenye VMware msiitegemee, kwa sababu huko kwa kawaida `st` hubaki sifuri hata majirani wakibana; mwombeni mtoa huduma takwimu za CPU Ready. Tazameni diski na maswali ya hifadhidata yenyewe.

Mtakachopoteza kwa seva ya peke yenu ni ule uhamisho wa mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine. Seva hiyo ikizimika, mfumo unazimika nayo mpaka itengenezwe. Seva ya akiba inayofuatisha data kwa Data Guard inahitaji leseni zake kamili, 4 nyingine kwa seva kama hii. Kama bajeti haifiki, tunzeni nakala za hifadhidata zilizochukuliwa kwa RMAN mahali pengine, ambazo zikikaa tu kama faili hazidai leseni, na mkubaliane na mtoa huduma ni saa ngapi atachukua kuwaletea seva mbadala. Saa hizo, pamoja na za kurejesha nakala, ndizo mtakazokaa bila kuandaa nyaraka za mizigo. Wenye kampuni wazikubali kabla ya kusaini.