Kupe akishakung'ata, usimnyofoe kwa kucha

Kupe wa kwanza kuning'ata nilimnyofoa kwa kucha. Nilikuwa nimetoka malishoni na ng'ombe wa baba mdogo, nikamkuta pajani, nikambana tumboni na kumvuta kwa hasira. Kiwiliwili kikaja, mdomo ukabaki. Pale pakafanya kinundu kilichoniwasha karibu wiki tatu.

Mdomo wa kupe una vimiba vilivyoelekea nyuma, kama ndoana, na wengi hutoa ute unaoganda kama gundi kuuzunguka. Ukimvuta ghafla au kumzungusha, kinachokatika ni mdomo. Wasumbufu zaidi ni wale wakubwa wenye mgongo wa rangirangi na miguu yenye mapete, kwa sababu mdomo wao ni mrefu.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alipata wa aina hiyo nyuma ya goti. Bibi akaagiza mafuta ya taa. Nikamwomba anisubiri kidogo, maana kupe akipakwa mafuta ya taa au akichomwa kwa kiberiti hang'oki upesi, na akisumbuliwa anaweza kutema mate zaidi ndani ya ngozi. Vimelea vya ugonjwa humo ndimo vinamopitia.

Nilichukua kibanio cha nyusi chenye ncha nyembamba, nikakilaza sambamba na ngozi na kumshika kupe pale mdomo unapoingia, si tumboni. Kisha nikavuta kwenda juu, moja kwa moja, kwa nguvu ile ile bila kushtua. Ngozi iliinuka kama kihema kidogo. Hapo ndipo wengi huingiwa na pupa wakakwanyua. Mimi nilishikilia tu, na baada ya muda akaachia mwenyewe.

Nilimweka juu ya karatasi nyeupe. Mbele ya kichwa kulikuwa na kijimdomo kilichochomoza, kizima, na kipande kidogo cha ngozi kimekigandia. Hicho si cha kuogopa. Mdomo ungekuwa umekatika, ningeona kidoa cheusi ndani ya kitundu cha jeraha. Hata hivyo nisingechimba kwa sindano: jaribu mara moja kwa kibanio safi, kikikataa kiache, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Uchimbaji ndio unaoleta usaha.

Jeraha nililiosha kwa maji na sabuni, kupe nikamtumbukiza kwenye spiriti. Usimpasue kwa vidole.

Tarehe niliiandika kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya saba mtoto akapata homa na kuumwa kichwa, na pale palipong'atwa pakawa na kigaga cheusi. Tezi za kinena zikavimba. Tulimpeleka kituo cha afya, na jambo la kwanza dada alilomwambia daktari, kabla hata ya kutaja homa, lilikuwa kupe na tarehe yake. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, akaandikiwa antibiotiki ya doksisiklini.