Maswali na Majibu: Kushusha muziki chini ya sauti ya msimulizi

Ninahariri video ya maua ya Kitulo. Msimulizi anapoanza, muziki unakatika ghafla kama redio iliyozimwa. Nifanyeje? (Msomaji, Mbeya)

Inaelekea umeukata wimbo vipande viwili, kisha ukakipunguzia sauti kipande cha pili. Uunganishe tena, halafu uweke nukta nne kwenye mstari wake wa sauti, zile ambazo programu huziita Keyframe. Katika DaVinci Resolve unabofya mstari huo huku umeshikilia Alt. Tuseme msimulizi anaanza sekunde ya 12 na kumaliza sekunde ya 40, na wimbo uko kwenye desibeli -8. Nukta ya kwanza iwe sekunde ya 11 kwenye -8, ya pili sekunde ya 11.8 kwenye -22, ya tatu sekunde ya 40.5 kwenye -22, na ya nne sekunde ya 42.5 kwenye -8. Kwa mpango huu muziki unakuwa umekwisha kutua kabla ya silabi ya kwanza, nami nalisisitiza hilo, kwani muziki unaoshuka pamoja na sauti huwa unaimeza silabi hiyo, na mara nyingi ndimo lilimo jina la mahali. Kupanda kuchukue muda mrefu kuliko kushuka, maana baada ya neno la mwisho hakuna sauti nyingine ya kuuficha muziki unaorudi. Hiyo -22 ni mfano tu: wimbo uliorekodiwa kwa nguvu utahitaji kushuka zaidi, kwa hiyo amua kwa kusikiliza, na usikilize pia kwa spika ya simu.

Nukta nimeweka, lakini muziki unafifia polepole tangu video inapoanza. (Msomaji, Mafinga)

Imekosekana nukta ya kushikilia kiwango cha juu. Programu huunganisha kila nukta na inayofuata, hivyo ya kwanza ikiwa mwanzoni kabisa na ya pili iko pale msimulizi anapoanza, mteremko unaenea nafasi yote iliyo katikati. Ongeza nukta yenye kiwango cha awali sekunde moja hivi kabla ya sauti kuingia.

Msimulizi akinyamaza kati ya sentensi, niupandishe muziki? (Msomaji, Tukuyu)

Kimya cha sekunde moja au mbili kiache kama kilivyo, la sivyo muziki utapanda na kushuka bila kutulia, na msikilizaji ataufuata huo badala ya maneno. Kimya kikizidi sekunde tano, na picha inastahili kutazamwa, upandishe hadi -14 tu.

Muziki uko chini sana, lakini maneno bado hayaeleweki. (Msomaji, Iringa)

Chunguza kama wimbo una mwimbaji. Maneno yake hushindana na ya msimulizi katika masafa yaleyale, hasa kati ya hezi 1,000 na 4,000 ambako konsonanti nyingi hutambulika, na nukta hupunguza wimbo mzima bila kuchagua masafa. Tumia wimbo wa ala pekee. Ikiwa hata huo una gitaa kali, upunguze desibeli 3 au 4 karibu na hezi 2,500 kwa kutumia ikwalaiza, kisha uzipange nukta upya.