Neno "tena"

"Mama, nimewaandikia watu sita kuomba kazi ya tafsiri, hakuna hata mmoja aliyenijibu. Sasa kila nikianza ujumbe mpya naufuta. Niendelee au niache?"

Mwanangu,

Rasimu uliyonitumia, ya kumwandikia yule mhariri mpya, nimeisoma mara tatu. Inaanza hivi: "Samahani kwa kukusumbua tena, najua una mambo mengi na pengine hutapata nafasi ya kunijibu." Mhariri huyu hujapata kumwandikia. Hiyo "tena" ni ya nani?

Unakumbuka mwaka tuliokutafutia shule ya bweni. Niliandikia shule nne, kimya. Ya tano nikaianza, "Najua na hii mtaitupa kama zile nyingine." Baba yako, Mungu amrehemu, alinisihi niiache ilale hadi asubuhi. Sikumsikia, jioni ileile nikabandika stempu, nikaipeleka posta. Baada ya wiki tatu mwalimu mkuu akajibu kwa mkono wake: "Mama, hii ndiyo barua yako ya kwanza kutufikia. Hizo nyingine tulizitupa lini?" Fomu aliiweka ndani ya bahasha, nawe ukasoma pale miaka minne. Lakini siku ya kukupeleka nilishindwa kumtazama usoni, na hata leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Ndiyo maana sichoki kusema: barua ina mwenyewe. Shika penseli, kila sentensi iulize inasema na nani. Rasimu yako ina sentensi tano, na tatu za mwanzo zinasema na wale sita. Zifute. Ya nne inauliza "kama labda kuna kazi yoyote", na hapo unamtaka mtu mwenye shughuli zake akae akutafutie kazi. Mwandikie hivi: "Natafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, hasa maandishi ya afya. Nimeambatisha kurasa mbili. Je, naweza kukufanyia jaribio la ukurasa mmoja wiki hii?" Hilo analijibu kwa ndiyo au hapana akiwa kwenye foleni ya daladala.

Sitaki kukudanganya, ujumbe safi nao hukosa jibu. Wale sita huenda wangenyamaza vilevile, na mmoja wao, yule aliyekuahidi, kwa kweli hana adabu. Au labda mgonjwa, sijui. Niko huku Tanga, nitamhukumu vipi? Huyu mpya akikaa kimya wiki nzima, mkumbushe mara moja, mistari miwili, chini ya ujumbe uleule wa kwanza, wala usimtajie ukimya wake. Baada ya hapo mwache.

Kuendelea au kuacha ni uamuzi wako, umeshakuwa mtu mzima. Ingawa ukiniuliza mimi... basi, nimenyamaza. Ila huyu mhariri mwandikie asubuhi, baada ya chai, kabla hujafungua simu kutazama kama wale sita wamejibu.

Mama yako