Pima asidi ya mafuta machafu kabla ya kugusa methanoli

Mafuta ya kibanda cha chipsi unayotaka kugeuza dizeli hayafanani wiki hadi wiki. Kila yanapopikwa upya, asidi huru huongezeka, na asidi hiyo hula kichocheo, yaani potasiamu haidroksaidi, na kukigeuza sabuni. Ndiyo maana kiasi cha kichocheo hakikaririwi. Kinapimwa kwa kila pipa.

Kwanza chuja mafuta, yachemshe mpaka yaache kutoa vipovu vya maji, yaache yapoe, kisha koroga na uchote sampuli. Yeyusha gramu 1 ya potasiamu haidroksaidi katika lita 1 ya maji ya betri (yale maji safi, si asidi). Chota unga wake kwenye mkebe uleule utakaotumia kwenye kazi yenyewe. Funga chupa vizuri, maana hewa huudhoofisha mmumunyo, na mmumunyo dhaifu hukuonyesha asidi nyingi kuliko iliyopo.

Weka mililita 40 za alkoholi ya isopropili kwenye glasi na matone machache ya fenolftalini. Dondoshea mmumunyo wako mpaka alkoholi iwe waridi hafifu. Kiasi hicho usikihesabu, ni asidi ya alkoholi yenyewe. Sasa ongeza mililita 4 za mafuta. Wengi hutumia mililita 1, lakini hapo tone moja lililobaki kwenye sirinji linaharibu hesabu. Kama mafuta yameganda, pasha glasi kidogo kwenye maji moto. Endelea kudondoshea huku ukitikisa, mpaka waridi idumu sekunde 30. Rudia mara tatu.

Tuseme umepata 11.5, 11.7 na 11.6. Wastani ni 11.6, gawa kwa 4, unapata 2.9. Hizo ni gramu za ziada kwa kila lita ya mafuta.

Mafuta mapya yasiyo na asidi huhitaji takriban gramu 7 za potasiamu haidroksaidi safi kwa lita. Ikiwa yako ni ya asilimia 90, gawa 7 kwa 0.9: ni 7.8. Ile 2.9 usiigawe, kwa sababu imepimwa kwa unga huohuo. Hapa ndipo watu huzidisha dozi bila kujua. Jumla ni 10.7 kwa lita, yaani gramu 214 kwa lita 20, zikiyeyushwa kwenye lita 4 za methanoli, nje, mbali na moto, ukiwa na glavu na miwani.

Ukitaka thamani ya asidi, zidisha 2.9 kwa 0.9, gawa kwa 0.92 ambao ndio uzito wa mililita moja ya mafuta: miligramu 2.8 kwa gramu. Nusu yake, asilimia 1.4, ni asidi huru.

Ikipita asilimia 3 hivi, kuongeza kichocheo hakusaidii. Utapata sabuni nyingi, na maji ya kuoshea yatageuka kama maziwa. Changanya na mafuta yenye asidi kidogo, kisha upime upya.

Kichocheo kikipungua, utakijua hivi: tia mililita 3 za dizeli uliyopata ndani ya 27 za methanoli. Matone ya mafuta yakitua chini, mmenyuko haukukamilika.