Bosi kapandisha mshahara baada ya barua ya kuacha kazi

"Nina miaka mitatu hapa Kampala, nalipwa 2,000,000. Nimepata kazi Jinja ya 2,800,000. Nilipotoa barua, bosi akasema atanipa 2,700,000 nibaki. Nifanyeje?"

Ndugu, anza na tofauti inayofika mfukoni. Ni 100,000, lakini kodi ya mshahara inakata asilimia 30 katika sehemu hiyo, na NSSF asilimia 5. Zinabaki 65,000 kwa mwezi, kwa hiyo mshahara peke yake hauamui.

Mimi ningeuliza ile 700,000 inaingia wapi. Niliwahi kubaki kwa ahadi kama hiyo. Ikaja kama posho, mshahara wa msingi haukuguswa, na miezi minne baadaye posho ikafutwa. Iliniuma sana, maana kule kwingine nafasi ilikuwa imeshajazwa. Usifute barua yako kabla hujapata barua iliyosainiwa, inayotaja mshahara mpya wa msingi na mwezi unaoanza.

Jinja nako kuna hatari yake: kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira ya 2006 inaruhusu kuachishwa humo kwa notisi ya siku 14 tu, wakati hapo ulipo unastahili mwezi mzima. Waombe wakufupishie majaribio yawe miezi mitatu, kwa maandishi.

Je, ulitaka kuondoka kwa sababu ya mshahara tu? Kama ni bosi au kazi isiyosonga, nenda Jinja.